Laki Tisa za Mei: Barua ya Mpangaji Aliyekwama

Mpangaji wa Dar es Salaam, tofauti na mwenzake wa Nairobi, kwa kawaida hadaiwi kodi kila mwezi. Hudaiwa mara mbili kwa mwaka, miezi sita kwa mkupuo, na wengine mwaka mzima. Kwa hiyo shida yake haiji kidogokidogo. Anaweza kuugua Februari na asione athari yoyote nyumbani hadi mwishoni mwa Aprili, siku mkataba unapokwisha na laki tisa zinapotakiwa mezani.

Ndiyo maana barua ya kuomba nafuu ya kodi, kwa mji kama huu, ni tofauti na ile inayofundishwa katika vitabu vya uandishi wa barua. Mara nyingi anayeiandika hana deni hata la shilingi moja. Miezi yote aliyolala ameshailipia. Anachoomba ni kulipia miezi ijayo kwa awamu badala ya mkupuo. Wengi hawalioni hilo, wanaandika kama wadaiwa wanaoomba huruma, na wanaharibu hoja yao wenyewe kabla hawajafika aya ya pili.

Tuchukue mfano ili hesabu zionekane. Fundi cherehani, mama wa mtoto mmoja, amepanga chumba na sebule Tabata kwa 150,000 kwa mwezi. Mkataba wake unaanzia Novemba mosi hadi Aprili 30, kisha unaanza mwingine wa Mei hadi Oktoba. Kila mara anatoa 900,000. Kazi yake ina misimu. Desemba na Januari ni sare za shule, na hapo ndipo anapovuna. Julai kuna msimu mdogo, wanafunzi wa kidato cha tano wanapokwenda kuripoti na wazazi wanakimbizana na orodha ya mahitaji kutoka shuleni. Miezi mingine ni kupunguza magauni, kubadili zipu, kushona vitenge vya harusi mbili tatu.

Ukimtazama vizuri, utagundua kwamba kodi ya Mei huwa hailipwi na kazi ya Aprili. Hulipwa na pesa ya Januari iliyofichwa. Mwaka huu Januari ilimwachia 850,000. Februari akafanyiwa upasuaji. Hospitali, dawa na chakula cha majuma ambayo hakukanyaga cherehani vikala 670,000. Aprili inaanza akiwa na 180,000 kwenye kibubu, na akijibana hadi mwisho wa mwezi anaweza kuongeza 70,000. Jumla 250,000. Anapungukiwa 650,000, na hakuna njia halali ya fundi wa aina yake kuzipata kwa mwezi mmoja.

Njia isiyo nzuri ipo, tena iko mtaa huohuo. Mikopo ya kausha damu haiulizi maswali mengi. Lakini fanya hesabu: ukikopa 650,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mwezi wa kwanza tu riba ni 130,000, yaani karibu kodi ya mwezi mzima inayoteketea bila kulipia hata usiku mmoja wa kulala. Nimeona watu wakihamia kwenye deni hilo kwa sababu waliona aibu kumwambia mwenye nyumba ukweli. Aibu hiyo ni ghali kuliko barua yoyote.

Kabla ya kuandika neno moja, fundi wetu anapaswa kukaa na daftari lake la kazi. Aangalie miezi ya kawaida ya mwaka jana, siyo Januari. Anakuta kwamba mwezi wa kawaida, baada ya kutoa uzi, vifungo, umeme wa kazi na pango la kibaraza anakoshonea, anabaki na kama 400,000. Chakula cha nyumbani ni 6,000 kwa siku, sawa na 180,000. LUKU na maji 25,000. Nauli na mahitaji ya mtoto shuleni 35,000. Kliniki na dawa kwa sasa 20,000. Hiyo ni 260,000. Mchango wa kikoba anauweka kando kwa miezi michache kwa makubaliano na wenzake. Anabaki na 140,000.

Hapo ndipo penye somo. Mwezi wa kawaida haumtoshi hata kodi ya mwezi mmoja. Akiandika kwa haraka kwamba atalipa 150,000 kila mwisho wa mwezi, jambo ambalo linasikika la haki na la kueleweka, atakuwa ameahidi kitu asichokuwa nacho, na atakwama mwezi wa kwanza tu. Mpango wa awamu zinazolingana unamfaa mwenye mshahara. Kwa mtu wa biashara ya msimu, awamu zinazolingana ni dalili kwamba mpango umeandikwa bila kufungua daftari.

Kwa hiyo anapanga kufuata kazi inavyokuja. Mei bado mwili haujarudi sawasawa, anakadiria 350,000, ukitoa matumizi inabaki 90,000, aahidi 80,000. Juni inabaki 140,000, aahidi 120,000. Julai sare zinaingia, anakadiria 600,000, inabaki 340,000; hapo aahidi 250,000, si zote, kwa sababu wapo wazazi wanaochukua sare leo na kulipa mwezi unaofuata. Agosti aahidi 120,000. Septemba 80,000. Ukijumlisha na 250,000 anazotoa mwanzoni, inatimia 900,000 kabla Oktoba haijaanza.

Kila mwezi ameahidi pungufu ya kinachobaki. Huo upungufu ndio unaolinda ahadi siku mtoto anapopata homa au kifaa cha gharama cha cherehani kinapovunjika. Mwenye nyumba akiambiwa 80,000 na akaletewa 80,000 tarehe ileile, atamwamini mpangaji huyo mwezi ujao. Akiahidiwa 150,000 akaletewa 100,000 pamoja na maelezo marefu, amepata pesa nyingi zaidi lakini amepoteza imani, na barua ya pili haitasomwa.

Sasa tazama jambo ambalo ningependa kila mpangaji wa miezi sita alielewe. Linganisha kilicholipwa na miezi iliyolaliwa. Mwisho wa Mei, kabla hata awamu ya pili haijatolewa, ameshatoa 250,000 na amelala mwezi mmoja wa 150,000. Mwisho wa Juni, kabla ya awamu ya tatu, ametoa 330,000 na amelala miezi miwili, yaani 300,000. Mwisho wa Julai ametoa 450,000 na amelala miezi mitatu, 450,000 kamili. Agosti na Septemba yuko mbele tena. Katika mpango huu wote, hakuna siku hata moja ambayo mwenye nyumba atakuwa anadai mwezi uliokwisha kulaliwa. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko ugonjwa, kuliko mtoto, kuliko miaka mingapi umekaa. Iwekwe katika barua kwa maneno mepesi.

Kuhusu sheria, tusidanganyane. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, iliyokuwa ikimlinda mpangaji kwa kiasi kikubwa, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na namna ya kuilipa ni jambo la mkataba kati ya pande mbili, na mkataba wa nyumba uko pia chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Mwenye nyumba halazimiki kukubali awamu eti kwa sababu mpangaji ameugua. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeahidiwa malipo uhuru wa kumwongezea muda anayelipa, au hata kumsamehe sehemu. Akikubali kwa maandishi, makubaliano hayo yana uzito. Kwa hiyo barua ni ombi, na ikishasainiwa na pande zote mbili inakuwa kinga ya wote wawili.

Kabla ya barua kuna salamu. Hapa ndipo wasomi wengi wanapokosea. Mama mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele, mnapishana uani kila asubuhi, kisha ghafla unamkabidhi karatasi yenye «YAH» na «tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu». Ataona unamtafutia kesi. Afadhali kwenda jioni, baada ya chakula, shikamoo, habari za wajukuu, kisha kumweleza kwa mdomo kwamba Aprili imekukuta vibaya na umekuja na namna unavyofikiri. Barua unayo mfukoni au kwenye mkoba. Unamwachia aisome kwa nafasi yake, maana pengine atataka mwanawe aisome pia.

Ujue vilevile unayezungumza naye ni nani. Mkataba umesainiwa na nani? Kama ni mama mwenyewe, mpe mama, hata kama kijana wake ndiye anayepita kukusanya. Kama mwenye nyumba amefariki na familia bado iko katika mambo ya mirathi, mwenye uwezo wa kusaini ni msimamizi wa mirathi, siyo ndugu yeyote aliyepo nyumbani siku hiyo. Dalali aliyekutafutia chumba hana nafasi hapa kabisa. Watu wamelipa awamu mbili tatu kwa mtu asiye na mamlaka, kisha wakaambiwa walipe upya.

Na wakati wa kwenda ni mapema. Fundi wetu akienda tarehe 8 Aprili, mama ana zaidi ya majuma matatu ya kupanga mambo yake. Laki tisa za Mei huenda tayari zina kazi: ada, bati za nyumba ya uani, deni la duka la vifaa vya ujenzi. Akiambiwa tarehe 29 kwamba pesa haipo, shida ya mpangaji imeshakuwa shida yake, na hapo hata mwenye roho nzuri hujibu kwa ukali.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi:

«Tabata, 8 Aprili.

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima na familia yote haijambo. Ninaandika kuhusu kodi ya chumba na sebule ninachoishi katika nyumba yako, kwa kipindi cha Mei hadi Oktoba.

Kodi yangu ya hadi tarehe 30 Aprili nimeilipa yote, na sina deni. Kama unavyojua, Februari nilifanyiwa upasuaji na sikuweza kufanya kazi hadi mwanzoni mwa mwezi huu. Akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya Mei imetumika kwa matibabu. Sasa nimerudi kazini, lakini sitaweza kutoa 900,000 kwa mara moja ifikapo tarehe 30 Aprili.

Naomba kwa kipindi hiki kimoja nilipe kwa awamu. Kodi ibaki ileile, 150,000 kwa mwezi, na jumla ileile ya 900,000. Tarehe 30 Aprili nitatoa 250,000. Tarehe 31 Mei nitatoa 80,000. Tarehe 30 Juni nitatoa 120,000. Tarehe 31 Julai, msimu wa sare, nitatoa 250,000. Tarehe 31 Agosti nitatoa 120,000. Tarehe 30 Septemba nitamalizia 80,000.

Kwa mpango huu, kila mwezi nitakaoishi utakuwa umeshalipiwa kabla haujaisha. Nitalipa kwa namba yako ya simu unayotumia siku zote, na kila nikilipa tuandike kwenye daftari la kodi.

Nikiona awamu yoyote itanishinda, nitakuja kukueleza siku saba kabla, na siku ya malipo nitaleta kiasi nilichonacho.

Kodi ya Novemba naomba tuizungumze mwezi wa Septemba, kwa kuwa bado sitakuwa nimekusanya 900,000 kwa mkupuo. Baada ya msimu wa Januari natarajia kurudi katika utaratibu wetu wa kawaida.

Kama kuna tarehe au kiasi kisichokufaa, naomba tukae tuzungumze. Ukikubali, tusaini nakala mbili, moja ikae kwako na nyingine kwangu.

Mpangaji wako.»

Haijazidi ukurasa mmoja wa daftari kubwa. Hakuna kiapo, hakuna machozi, na hakuna jina la ugonjwa. Ugonjwa wa aina gani ni siri ya mgonjwa. Inatosha kusema upasuaji na tarehe. Mwenye nyumba akitaka kuthibitisha, aonyeshwe karatasi ya kuruhusiwa hospitalini bila kuachiwa nakala.

Sentensi tatu katika barua hiyo zinafanya kazi kubwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni ile ya «kodi ibaki ileile». Wenye nyumba wengi wakisikia neno nafuu wanadhani wanaombwa kupunguza bei, na wakipunguza kwa mmoja, wapangaji wengine watano wa uani watakuja. Kumweleza mapema kwamba bei haiguswi kunafungua masikio yake. Ya pili ni «kwa kipindi hiki kimoja». Inaweka mpaka. Bila mpaka, mama ataogopa kwamba mkataba wa miezi sita umekufa moja kwa moja.

Ya tatu ni ile ya Novemba, na najua wapo watakaoshauri iondolewe. Watasema usimtishe mtu na tatizo la pili wakati la kwanza hujalimaliza. Mimi sikubaliani nao. Pesa ya Julai, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoanza kujenga kodi ya Novemba, safari hii inakwenda kumalizia kodi ya Mei. Tundu halijazibwa, limesogezwa mbele. Mpangaji anayenyamaza kuhusu hilo atarudi Oktoba na barua ya pili, na mama atasema: yaleyale. Akilisema tangu Aprili, Septemba anakwenda na pendekezo, kwa mfano miezi miwili Novemba na minne iliyobaki sare za Januari zikishalipiwa, na mama hatashtuka.

Sasa mama ameisoma. Siku ya tatu anamwita. Hajakataa, lakini ana lake: alikuwa amepanga kununua bati mwanzoni mwa Mei, na 250,000 hazifiki. Anataka angalau 350,000 mwanzoni.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Furaha ya kusikia kwamba hajakataa inamfanya mtu aseme «hakuna shida mama», huku 100,000 hizo hajui zitatoka wapi. Jibu sahihi ni kuomba siku mbili. Fundi wetu ni mwanachama wa kikoba, na vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Hajauomba tangu augue. Anakwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, anapewa 50,000 zisizo na riba. Anarudi kwa mama na kusema ukweli: naweza kufika 300,000, kuzidi hapo nitakudanganya. Mama anakubali. Hizo 50,000 zinaondolewa katika awamu ya mwisho, Septemba inakuwa 30,000, na jumla inabaki 900,000.

Barua inaandikwa upya kwa tarakimu mpya. Isisainiwe ile ya zamani iliyokatwakatwa kwa kalamu, maana tarakimu iliyofutwa ndiyo inayozaa ugomvi. Nakala mbili, saini za wote wawili kwenye kila nakala, na shahidi mmoja. Shahidi mzuri ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye akiweka saini na mhuri anajua kuna makubaliano, ili siku mambo yakiharibika asianze kusikia hadithi mbili kutoka mwanzo. Kama kumwita mwenyekiti kutamfanya mama ajisikie ameshtakiwa, jirani mtu mzima anayeheshimiwa na wote wawili anatosha.

Malipo yapite kwa simu kila inapowezekana, na ujumbe wa muamala usifutwe. Ukilipa mkononi, daftari la kodi lisainiwe palepale, likiwa na tarehe, kiasi na maneno «awamu ya nne ya kodi ya Mei hadi Oktoba». Bila maneno hayo, 250,000 za Julai zinaweza kusomwa baadaye kama malipo ya kitu kingine, hasa pale kodi na maji vinapolipwa kwa mtu mmoja.

Na Julai ikiwa mbaya? Wazazi wakanunua sare za dukani, au orodha zikachelewa? Kuna dalili za mapema. Kufikia tarehe 15 Julai fundi anajua ameshika oda ngapi zenye malipo ya awali. Kama ni chache, asisubiri mwisho wa mwezi. Aende tarehe 24 au kabla, kama alivyoandika, aseme atatoa 180,000 na 70,000 zilizobaki zihamie Agosti na Septemba, kisha mabadiliko hayo yaandikwe nyuma ya nakala zote mbili na kusainiwa. Awamu moja iliyorekebishwa kwa maandishi bado ni mpango. Awamu moja iliyorukwa kimya imeuvunja.

Kuna uwezekano pia mama akakataa kabisa. Ana haki hiyo, na huenda ana sababu. Lakini kabla ya kukata tamaa, inafaa kumwekea mezani, kwa upole, gharama za upande wake. Chumba kikikaa tupu mwezi mmoja, amepoteza 150,000. Mpangaji mpya atataka rangi. Tena huyo mpya hamjui, wakati huyu anajua hajawahi kuchelewesha. Hoja hii isemwe kwa mdomo tu, isiandikwe, maana ikiwa kwenye karatasi inasomeka kama kitisho.

Akishikilia msimamo, ombi libadilike. Badala ya awamu, aombwe muda wa kuhama kwa utaratibu: mpangaji alipie Mei kwa 150,000, na aondoke mwisho wa mwezi akiwa hana deni. Zinabaki 100,000, ambazo hazitoshi kodi ya miezi sita ya chumba kingine pamoja na malipo ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na gari la kubebea vitu. Lakini mwezi mmoja wa kujipanga, kutafuta chumba kimoja cha bei ya chini kinachokubali miezi mitatu, ni tofauti kubwa na kuamka Mei mosi vitu vikiwa uani.

Ugomvi ukitokea, ngazi zipo. Serikali ya mtaa husikiliza na kupatanisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni usuluhishi na halitoi tena hukumu. Shauri lisiposuluhishwa linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote swali la kwanza litakuwa lilelile: mlikubaliana nini, na karatasi iko wapi? Mpangaji aliyekubaliwa kwa mdomo uani atatafuta mashahidi. Aliye na nakala yenye saini mbili na ujumbe wa miamala atafungua bahasha tu.

Kwa wenye nyumba nina ombi moja. Mkishasoma barua ya namna hii, jibuni kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, na hata kama ni mstari mmoja chini ya ukurasa. Ukimya wa siku kumi unamfanya mpangaji adhani mmekubali, au unamkimbiza kwa mkopeshaji, na vyote viwili vitarudi kuwaumiza ninyi pia.

Nawe mpangaji ambaye mkataba wako unaisha mwezi ujao na unajua hesabu haitatimia: fungua daftari leo, andika kinachobaki kila mwezi baada ya chakula na nauli, halafu ahidi pungufu ya hapo. Kisha nenda kamsalimie mwenye nyumba kabla ya mwisho wa juma hili.